Kutoka T4 hadi T3: Jinsi mwili unavyoiamsha homoni ya tezi ya thairoidi

Kipeperushi hiki kimeandaliwa kwa ajili ya watu wazima wanaoishi Uingereza na wanaotumia vidonge vya levothairoksini kwa sababu tezi yao ya thairoidi haifanyi kazi ya kutosha, au imeondolewa kwa upasuaji. Kinajibu swali linaloulizwa mara nyingi: ikiwa homoni inayofanya kazi mwilini ni T3, kwa nini daktari ananipa T4? Kinaeleza pia kwa nini kiwango cha T3 hushuka mtu anapougua, na kwa nini si salama kujiongezea T3 bila ushauri wa daktari.

Homoni mbili za tezi moja

Tezi ya thairoidi ipo mbele ya shingo, chini ya kidakatonge. Hutumia madini joto, yaani ayodini, tunayoyapata katika chakula, kutengeneza homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo kila chembe yake ina atomi nne za ayodini. Kwa hiyo huitwa T4. Ya pili ina atomi tatu, nayo huitwa T3.

T4 ndiyo inayotoka kwa wingi. Tezi yenye afya hutoa takriban mikrogramu 80 hadi 100 za T4 kila siku, na mikrogramu chache tu za T3. Hata hivyo, ndani ya seli ni T3 inayofanya kazi kubwa: ndiyo inayoshikamana na vipokezi katika kiini cha seli na kuamuru moyo upige kwa kasi gani, mwili utoe joto kiasi gani na chakula kitumike kwa haraka kiasi gani. T4 ni kama akiba. Huzunguka katika damu kwa muda mrefu ikisubiri kuamshwa, na huchukua takriban siku saba kupungua hadi nusu. T3 hupungua hadi nusu kwa muda wa siku moja hivi.

Basi T3 tunayoihitaji hutoka wapi? Takriban asilimia 80 yake haitengenezwi na tezi, bali na viungo vingine vya mwili, kutokana na T4. Jambo hili lilithibitishwa kwa binadamu mwaka 1970, pale watafiti wa Marekani walipoikuta T3 katika damu ya watu wasio na tezi inayofanya kazi, ambao walikuwa wakipewa T4 peke yake.

Vimeng'enya vitatu vinavyoamua

Kazi ya kuondoa atomi moja ya ayodini kutoka kwenye T4 hufanywa na vimeng'enya viitwavyo deayodinesi. Vipo vya aina tatu, na vyote vina madini ya seleni katika sehemu inayofanya kazi.

• Aina ya kwanza hupatikana hasa katika ini, figo na tezi yenyewe. Hugeuza T4 kuwa T3 na kuirudisha katika damu kwa matumizi ya mwili mzima.

• Aina ya pili hupatikana katika ubongo, katika tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, katika misuli na katika mafuta ya kahawia yanayotoa joto. Hutengeneza T3 ndani ya seli, karibu na kiini, ili itumike kwanza papo hapo.

• Aina ya tatu hufanya kinyume. Huondoa atomi iliyo upande mwingine wa chembe ya T4, na kinachobaki ni T3 ya kinyume, isiyo na nguvu ya kuamsha seli. Aidha, huizima T3 iliyokwisha kutengenezwa. Hupatikana kwa wingi katika kondo la nyuma la mama mjamzito.

Kwa mpango huu, kila kiungo huweza kujipimia kiasi chake. Kimeng'enya cha aina ya pili ni mfano mzuri. Huishi kwa muda usiofika saa moja kabla ya kuvunjwa na seli. T4 inapokuwa nyingi, huvunjwa upesi zaidi; T4 inapopungua, hudumu zaidi. Hivyo ubongo huweza kujilinda kwa kiasi fulani hata pale homoni inapoanza kuadimika katika damu.

Kwa nini kidonge chako kina T4 pekee

Unapomeza levothairoksini, unaujazia mwili akiba, na kuviachia vimeng'enya vyako uamuzi wa kiungo kipi kipate T3 na kwa kiasi gani. Kwa kuwa T4 hukaa siku nyingi, kidonge kimoja kwa siku hutosha, na kiwango cha homoni hakipandi wala kushuka kwa ghafla.

T3 ya kidonge, iitwayo liothaironini, haifanyi hivyo. Huingia katika damu ikiwa tayari imeamshwa, hupanda ndani ya saa chache, kisha hushuka. Ikizidi, moyo huanza kwenda mbio au kupiga bila mpangilio, na kwa muda mrefu mifupa hudhoofika. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wazee na kwa wenye maradhi ya moyo.

Kipimo kinachotumika kuangalia kama dozi yako inatosha ni TSH. Hii ni homoni ya tezi ya pituitari, ambayo hutumia T4 na T3 zilizomo katika damu kujua hali ilivyo. Homoni za thairoidi zikipungua, TSH hupanda. Zikizidi, TSH hushuka. Kwa sababu T4 hubadilika polepole, TSH hupimwa tena wiki kadhaa baada ya kubadilisha dozi, si baada ya siku chache.

Mfano: T3 inaposhuka kwa sababu ya ugonjwa

Mfano huu umetungwa ili kueleza jambo linalotokea mara kwa mara.

Mama mmoja wa miaka 58 ametumia levothairoksini mikrogramu 100 kwa siku kwa miaka mingi. TSH yake ya mwisho ilikuwa 2.1, na kiwango cha kawaida katika maabara yake ni 0.4 hadi 4.0. Analazwa hospitalini kwa nimonia kali. Siku ya nne anapimwa damu: TSH ni 1.2, T4 iko sawa, lakini T3 ni 2.3, ilhali kiwango cha chini cha kawaida ni 3.1. Bintiye anayaona matokeo kwenye simu na kuingiwa na hofu. Jamaa aliye nchi nyingine anajitolea kumtumia vidonge vya T3 ili mama arudiwe na nguvu.

Nini kimetokea? Mtu anapougua sana, anapofanyiwa upasuaji mkubwa au anapokaa siku nyingi bila kula vya kutosha, mwili hupunguza matumizi yake. Uamshaji wa T4 hupungua, na kimeng'enya cha aina ya tatu huongezeka. Matokeo yake T3 hushuka na T3 ya kinyume hupanda. Hali hii huwapata hata watu ambao tezi zao ni nzima. Mama huyu hajakosa dawa: T4 yake inatosha, na TSH haijapanda. Kumpa T3 wakati moyo wake unahangaika na homa na upungufu wa oksijeni kungeweza kumdhuru.

Madaktari wanaitibu nimonia na kuendelea kumpa mikrogramu 100 zilezile. Wiki nane baada ya kupona anapimwa tena: TSH ni 2.0 na T3 ni 4.2. Kiwango kimerudi chenyewe.

Baadhi ya dawa nazo hupunguza ubadilishaji wa T4 kuwa T3, zikiwemo amiodaroni ya moyo, propranololi kwa dozi kubwa, na dawa za steroidi kwa dozi kubwa. Usiziache kwa sababu hiyo. Mweleze daktari wako unazitumia, ili asome matokeo yako kwa kuzingatia jambo hilo.

Ikiwa una mimba au unapanga kupata mimba

Katika miezi ya mwanzo, mtoto hutegemea T4 ya mama yake. T4 huvuka kondo la nyuma, kisha ubongo wa mtoto huigeuza kuwa T3 kwa kimeng'enya chake wenyewe cha aina ya pili. T3 inayomezwa na mama haiwezi kushika nafasi hiyo vizuri. Kwa sababu hii vidonge vya T3, pamoja na dawa zinazotengenezwa kwa tezi za wanyama, havifai kuwa badala ya levothairoksini wakati wa mimba.

Mahitaji ya T4 huongezeka mapema sana katika mimba. Mara tu unapojua kuwa una mimba, endelea kumeza dawa yako na uwasiliane na daktari wako siku hiyo hiyo au inayofuata. Usingoje miadi ya kwanza ya mkunga.

Ikiwa vipimo ni vizuri lakini bado hujisikii vyema

Wapo watu ambao TSH yao iko sawa na bado wanachoka. Malalamiko yao ni ya kweli na yanastahili kuchunguzwa. Sababu za kawaida ni upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kisukari, matatizo ya usingizi na huzuni ya muda mrefu. Wakati mwingine dawa haifyonzwi vizuri: levothairoksini imezwe tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya chakula, chai au kahawa, na itenganishwe kwa saa nne na vidonge vya chuma au kalsiamu.

Kwa baadhi ya watu wasio na tezi kabisa, T4 peke yake huacha T3 ya damu ikiwa chini kidogo kuliko ilivyokuwa awali. Tafiti nyingi zilizolinganisha T4 peke yake na T4 pamoja na T3 hazikuonyesha nafuu ya wazi kwa wagonjwa kwa jumla. Kwa hiyo nchini Uingereza T3 haitolewi kama tiba ya kawaida. Mtu anayeihitaji huanzishiwa na kufuatiliwa na daktari bingwa wa homoni. Vidonge vya seleni navyo havihitajiki kwa mtu anayepata seleni ya kutosha katika chakula kama samaki, mayai na nyama, na seleni ikizidi ni sumu.

Omba msaada lini

Zungumza na daktari wako au mfamasia ikiwa umeanza dawa mpya, ikiwa umekwisha kununua au kutumiwa T3 na umeimeza, au ikiwa unatetemeka, unatokwa jasho jingi au unapungua uzito bila sababu.

Piga 999 mara moja ikiwa una maumivu ya kifua, unashindwa kupumua, au moyo unakwenda mbio na unahisi kuzimia. Waonyeshe wahudumu vidonge vyote unavyotumia, pamoja na vile ambavyo hukuandikiwa na daktari.