Hesabu ya ombi imo ndani ya daftari lenyewe

Watunza stoo wengi wanaomwandikia meneja kuomba fedha za kuacha daftari huanza na malalamiko: kurasa zimechanika, mwandiko hausomeki, kutafuta jina la fundi kunamaliza asubuhi. Yote ni kweli, ila meneja hawezi kuyapima kwa shilingi, kwa hiyo barua inakaa mezani. Hesabu inayoweza kumshawishi imo tayari katika daftari hilohilo.

Tuchukue mfano wa stoo ya mkandarasi yenye zana 240: drili, grenda, pima maji, ngazi. Fundi husaini anapochukua, kisha husaini anaporudisha. Kabla ya kuandika chochote, mtunza stoo apitie miezi mitatu iliyopita mstari kwa mstari, aweke alama kila penye saini ya kutoka bila ya kurudi. Tuseme anapata mistari 37.

Hapa ndipo maombi mengi huharibika. Mwombaji hukimbilia kuandika kwamba vifaa 37 vimepotea, meneja anaingia stoo, anaikuta ngazi moja kati ya hizo ukutani, na kuanzia hapo haamini tarakimu nyingine yoyote. Lazima kwanza vitafutwe. Katika mfano wetu, 22 vipo rafuni, vilirudi bila kusainiwa. 9 viko mikononi mwa mafundi. 6 havionekani: grenda 2 za sh. 180,000 kila moja, drili 1 ya sh. 250,000 na pima maji 3 za sh. 30,000 kila moja. Jumla ni sh. 700,000. Sasa barua inaweza kuandikwa, nayo ni fupi:

"Meneja, habari za kazi.

YAH: OMBI LA SH. 1,240,000 KWA MFUMO WA KUFUATILIA ZANA

Kwa miezi mitatu iliyopita zana 6 zenye thamani ya sh. 700,000 hazijulikani zilipo, orodha nimeiambatisha. Naomba kompyuta mpakato iliyotumika (sh. 650,000), lebo za namba kwa zana 240 (sh. 150,000), malipo ya kuingiza orodha na kuwafundisha wasaidizi wawili (sh. 200,000), na bando la mwaka la kuhifadhi nakala mtandaoni (sh. 240,000). Bei zote zina VAT. Nikikadiria kwamba tutaokoa nusu tu ya upotevu huo, ni sh. 1,400,000 kwa mwaka. Naomba uamuzi kabla ya tarehe 15, bei za muuzaji zisibadilike.

Naomba kuwasilisha."

Kiasi kimetajwa kwenye kichwa cha barua, kwa sababu meneja asiyekiona mapema husoma akikitafuta. VAT nayo imetajwa kwa kuwa asilimia 18 ya Tanzania Bara ikijitokeza kwenye ankara baada ya idhini, mwombaji atalazimika kurudi kuomba tena. Na neno "nusu" ndilo ninalolithamini kuliko yote humo. Kompyuta haimzuii mtu kuondoka na grenda. Inaonyesha mapema kwamba haijarudi, ingali kwa fundi anayejulikana. Mwenye kuahidi kwamba upotevu utakwisha kabisa atabanwa na ahadi yake mwaka unaofuata.

Mfumo wenyewe hauhitaji programu maalumu ya kufuatilia zana. Jedwali la Excel lenye safu sita linatosha: namba ya zana, jina lake, aliyechukua, tarehe ya kutoka, tarehe ya ahadi na tarehe ya kurudi. Safu ya saba hubeba fomula hii:

```
=IF(AND(E2<>"",F2="",TODAY()>E2),"IMECHELEWA","")
```

Tarehe ya ahadi ikipita na ya kurudi ikiwa tupu, neno linajitokeza lenyewe. Daftari halina uwezo huo. Linajibu tu likiulizwa, na hakuna mwenye nafasi ya kuliuliza kila jioni.

Gharama inayosahauliwa zaidi ni ya mwezi wa kwanza, ambapo daftari na jedwali hutumika pamoja na kazi ya kuandika huongezeka. Meneja aambiwe hilo mapema. Aambiwe pia kwamba umeme ukikatika na betri ikiisha, fomu za karatasi zitatumika na kuingizwa siku hiyohiyo, na nani ataandika mtunza stoo akiwa likizo. Ndiyo maana wasaidizi wawili wamo kwenye bajeti.

Baada ya miezi mitatu, meneja achague namba 10 kutoka kwenye jedwali bila kutoa taarifa, kisha akazitafute. Zana mbili au tatu zikikosekana pale jedwali linaposema zipo, basi kuna watu wanaopita mlangoni bila kuandikwa, na hapo shilingi inayofuata iende kwenye kufuli na ratiba ya anayekaa mlangoni kabla ya kununua programu kubwa zaidi.