Takwimu za Jana Zisivae Nguo za Leo

Dashibodi ya mauzo ikifunguliwa asubuhi huonyesha saa ya sasa, hata kama data zilikwama jana. Saa hiyo ni ya ukurasa kufunguka, si ya data kufika. Iulize hifadhidata yenyewe:

```sql
SELECT MAX(muda_wa_kuingia) FROM mauzo;
```

Jibu likiwa la jana, utepe mwekundu utokee juu ya namba, ukitaja tarehe hiyo.

Hapo kuna mtego. Seva nyingi huhesabu saa za UTC, na Nairobi na Dodoma ziko mbele kwa saa 3. Data zilizoingia saa 8 usiku wa leo huandikiwa tarehe ya jana, na onyo huwaka bure. Watazamaji wakizoea onyo la uongo, hawatalisoma la kweli. Geuza kwanza muda kuwa wa Afrika Mashariki, ndipo ulinganishe tarehe.