Gharama ya mtoto: usitazame jumla tu, tazama na mwaka

Ukiuliza mtoto anagharimu shilingi ngapi hadi atimize miaka 18, utaambiwa anakuja na riziki yake. Sawa, lakini je, riziki hiyo inafuata ratiba ya shule? Hebu tupige hesabu.

Chukulia familia moja pale Msata. Baba ni bodaboda, mama anauza mananasi ya Kiwangwa kituoni. Hesabu hizi ni za mfano, kwa bei za leo. Wewe weka zako.

Mwaka wa kwanza: mahitaji ya mtoto 400,000. Halafu kuna gharama ambayo wengi huisahau. Mama akikaa nyumbani miezi minne, na faida yake ni 10,000 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ameshapoteza milioni moja. Jumla 1,400,000. Umri wa mwaka 1 hadi 5, tuseme 600,000 kila mwaka. Miaka 6 hadi 12, 800,000. Miaka 13 hadi 17, 1,500,000. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, ndiyo, ila sare, chakula, nauli na madaftari bado ni juu yako.

Jumlisha: 17,500,000. Gawa kwa 18, unapata karibu milioni moja kwa mwaka. Hapo ndipo watu hujidanganya, kwa sababu miaka ya sekondari inazidi wastani huo kwa nusu nzima.

Sasa weka watoto wawili. Wakipishana miaka mitatu, kwa miaka miwili wote wako sekondari: 3,000,000 kwa mwaka. Wakipishana mitano, wa kwanza anamaliza ndipo wa pili anaingia, na mwaka mzito kuliko yote ni 2,300,000. Jumla ni ileile, milioni 35. Kama familia inaweza kutenga 2,400,000 tu kwa mwaka, mpango wa kwanza unakwama na wa pili unapita.

Je, kama tayari wamepishana mitatu? Basi sogeza pesa. Pengo ni 600,000 mara mbili, yaani 1,200,000. Ukianza miaka kumi kabla, ni 10,000 kwa mwezi. Bei zikipanda, akiba nayo lazima ipande, kwa hiyo rudia hesabu kila Januari.

Tahadhari mbili. Mtoto akiendelea kidato cha tano na sita, hata pengo la miaka mitano litagongana. Pia afya ina kipimo chake: Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Ongeza tisa ya ujauzito, ni miezi 33. Pesa zikiruhusu mapema zaidi, mwili wa mama bado unahitaji muda huo.

Chukua daftari, andika umri wa kila mtoto mwaka hadi mwaka, kisha tafuta mstari mzito kuliko yote. Huo ndio wa kupangia.