USDT Ikifungiwa Ikiwa Kwa Mwenzako

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza vioo vya simu kutoka Shenzhen. Jumatatu anamtumia muuzaji wake USDT 4,200 kupitia mtandao wa Tron, maana benki ingemchukulia siku kadhaa na makato yake hayavumiliki. Muuzaji anajibu kwa WeChat kwamba hela ameiona. Alhamisi lugha inabadilika: anwani yake imefungiwa, hela haitoki, na mzigo hautapakiwa mpaka malipo yatumwe upya kwenye anwani nyingine.

Mfanyabiashara huyu ana haki ya kuchanganyikiwa. Kwenye simu yake muamala unaonyesha umekamilika. Aliambiwa pia kwamba sarafu hizi hazina benki wala bosi. Kumbe bosi yupo. USDT hutolewa na kampuni ya Tether, na kila USDT unayoiona kwenye pochi yako ni mstari wa hesabu ndani ya programu ambayo Tether ndiyo yenye funguo zake. Programu hiyo ina orodha nyeusi. Anwani ikishaingizwa humo, hairuhusiwi tena kutuma. Kwenye utumaji wa kawaida, kazi hiyo hufanywa na mstari huu mmoja, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma:

```
require(!isBlackListed[msg.sender]);
```

Maana yake ni kwamba kabla ya kuhamisha hela, programu hukagua kama anayetuma yumo kwenye orodha nyeusi. Angalia kilichoachwa: anayepokea hakaguliwi. Kwa hiyo anwani iliyofungiwa bado inapokea USDT kama kawaida, na aliyetuma anaoneshwa kwamba muamala umefanikiwa. Hela inaingia lakini haitoki. USDC, sarafu ya kampuni ya Circle, imeundwa tofauti: hukagua pande zote mbili, na ukijaribu kuituma kwenye anwani iliyofungiwa muamala unakataliwa, hasara yako ikiwa ni ada ya mtandao tu. Lakini huku kwetu, kwenye biashara ya mtu kwa mtu, inayozunguka zaidi ni USDT.

Turudi Kariakoo. Kabla ya kumjibu muuzaji, mfanyabiashara wetu ana mambo ya kuangalia, na hayahitaji fundi. Afungue Tronscan, atafute mkataba wa USDT wenyewe, ambao anwani yake ni `TR7NHqjeKQxGTCi8q8ZY4pL8otSzgjLj6t`, aingie sehemu ya `Contract` kisha `Read Contract`. Humo kuna swali liitwalo `isBlackListed`. Akibandika anwani ya muuzaji, jibu litakuwa `true` au `false`. Likija `false`, mjadala umekwisha: anwani haijafungiwa na Tether, na muuzaji ana maelezo ya kutoa. Huenda aliyefungiwa ni akaunti yake kwenye soko la sarafu, na hilo ni suala kati yake na soko hilo. Huenda pia anadanganya tu.

Likija `true`, linafuata swali la tarehe, na hapa ndipo watu wengi huruka. Kila anwani inapoingizwa kwenye orodha nyeusi, programu huacha kumbukumbu iitwayo `AddedBlackList`, yenye siku na saa. Kama kufungiwa kulitokea Alhamisi saa nne asubuhi na malipo yaliingia Jumatatu, basi kwa siku tatu muuzaji alikuwa na uhuru kamili wa kuzitumia hela hizo. Sasa asome miamala iliyotoka kwenye anwani ile kati ya Jumatatu na Alhamisi, halafu atazame salio lililobaki. Salio likiwa USDT 310, basi zile 4,200 hazimo humo. Zilishaondoka kabla mlango haujafungwa, na anayedai zimekwama anataka alipwe mara mbili kwa mzigo mmoja. Salio likiwa 19,000 na hakuna kilichotoka tangu Jumatatu, basi anasema kweli: hela zako zimekwama pamoja na za wengine.

Hata hapo, maoni yangu ni kwamba asilipe tena kwa haraka. Muuzaji ndiye aliyetoa anwani, akakiri kupokea, na kwenye blokcheni malipo yalifika yakiwa mazima. Kilichofuata kimeikuta anwani yake, na kwa kawaida kinahusu hela nyingine zilizoingia humo. Mwenye anwani ndiye anayepaswa kulibeba, isipokuwa kama mliandikiana vinginevyo. Nakubali kwamba mzigo uko kwake na wewe una wateja wanaosubiri, na wafanyabiashara wengi huishia kugawana hasara ili kulinda biashara ya miaka. Huo ni uamuzi wao. Wasichopaswa kufanya ni kuufanya bila kuangalia tarehe na salio kwanza.

Kuna uwezekano mmoja usiopendeza. Huenda uchafu ulitoka upande wako. Kama ulinunua zile USDT kwa mtu usiyemjua kwenye P2P, huenda zilikuwa sehemu ya hela za wizi zinazofuatiliwa. Jiulize `isBlackListed` kuhusu anwani yako mwenyewe, na uhifadhi risiti ya manunuzi, jina la aliyekuuzia kama lilivyosomeka, na ujumbe wa M-Pesa au wa benki. Kuwahi kutuma kwenye anwani iliyofungiwa hakukufungii wewe moja kwa moja, ila soko la sarafu linaweza kukuuliza maswali, na jibu lako ni hizo karatasi.

Je, Tether inaweza kufungua? Inaweza, amri ya `removeBlackList` ipo. Lakini kampuni haifungi kwa kujifurahisha. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa ombi la polisi au mahakama ya nchi fulani, au kwa sababu anwani imetajwa kwenye vikwazo vya serikali ya Marekani, utaratibu iliouanza rasmi Desemba 2023. Kwa hiyo anayeandika Tether kulalamika hutegemea kuelekezwa kwa chombo kilichoomba zuio, na huko ndiko hoja husikilizwa. Muuzaji wa Shenzhen ndiye mwenye mlango huo, kwa kuwa anwani ni yake. Unachoweza kumsaidia ni ushahidi kwamba hela yako ni ya biashara: profoma, mazungumzo ya oda, hati ya shehena kama ipo, na TXID, ile namba ndefu ya muamala. Wewe mwenyewe huna mkataba na Tether. Wateja wake wa moja kwa moja ni waliohakikiwa, wanaobadilisha kuanzia dola 100,000.

Mambo hugeuka kabisa pale uliyemtumia alipokuwa tapeli: mwekezaji wa uongo, mchumba wa mtandaoni, jukwaa lililokuonyesha faida isiyokuwepo. Kwako wewe, kufungiwa kwa anwani ni habari njema, ila kwa sharti kwamba hela bado imo. Matapeli hawalazi hela. Huihamisha ndani ya dakika chache kupitia anwani kadhaa, na ile uliyoituma wewe hubaki tupu. Fuata mnyororo hadi ilikoishia, kisha uulize kuhusu anwani ya mwisho. Kwenye Tron na Ethereum kuna udhaifu mwingine: amri ya kufungia huhitaji sahihi zaidi ya moja, na ombi la kwanza huonekana hadharani kabla sahihi nyingine hazijaingia. Tapeli mwenye programu ya kuvizia hupata nafasi ya kukimbia.

Ikikutwa imo, jambo la kuelewa ni hili: kufungia hakurudishi hela kwa aliyeituma. Kunaizuia tu isiende. Ili irudi, chombo cha dola huiomba Tether iziteketeze zile sarafu, amri iitwayo `destroyBlackFunds`, kisha itoe nyingine za thamani ileile kwenye pochi ya serikali. Baada ya hapo ni mahakama.

Kesi inayoonyesha urefu wa njia hiyo ni ya Marekani. Novemba 2023 Tether ilitangaza kufungia USDT za takriban dola milioni 225, zilizohusishwa na mtandao wa Asia ya Kusini-Mashariki uliokuwa ukiwatapeli watu kwa mapenzi na uwekezaji. Wizara ya Sheria ya Marekani ilifungua shauri la kutaifisha hela hizo Juni 2025, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, na hapo mgawo kwa waathirika ulikuwa bado. Kwa kesi za aina hii mwathirika, hata asiye raia wa Marekani, anaweza kuiandikia wizara hiyo ombi la kurudishiwa, akithibitisha kiasi chake. Hela za watu wengi zikiwa zimechanganyika, mara nyingi hugawanywa kwa uwiano, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa kamili.

Kwa aliyeko huku, mlango wa kwanza ni polisi. Tanzania, kitengo cha makosa ya mtandao, Kenya, DCI. Wengi husita, kwa kuwa Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini. Lakini utapeli kwa njia ya kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na unachopeleka kituoni ni malalamiko ya kutapeliwa. Nenda na karatasi moja iliyo wazi: TXID, anwani yako, anwani ya tapeli, anwani ilikoishia hela, tarehe, saa, kiasi, na picha za mazungumzo. Mpelelezi asiyezijua sarafu hizi ataweza kuinakili kwenye barua, na Tether hupokea maombi ya vyombo vya dola moja kwa moja. Usitoke kituoni bila namba ya RB, au OB kwa Kenya. Bila namba hiyo, ni vigumu soko la sarafu au Tether kulishughulikia suala lako.

Ukishaeleza msiba wako mtandaoni, atakuja mtu kukuambia anaweza kuifungua anwani kwa ada ya USDT 300, au kwa kupewa maneno 12 ya siri ya pochi yako. Mwenye uwezo wa kutoa anwani kwenye orodha nyeusi ni mwenye funguo za Tether peke yake. Hakuna mdukuzi, wakili wa WhatsApp wala "mtaalamu wa urejeshaji" anayeweza kuugusa ule mstari wa programu. Usimpe hata senti moja.

Na kwa malipo yajayo, muuzaji akikupa anwani mpya, iulize `isBlackListed` kabla ya kutuma, kwa kuwa huenda pochi yako isikuonye.