Kitongoji cha Pili: Kisa Kimoja cha Usaili wa Meneja Mradi

Anayeitwa kwenye usaili wa umeneja wa mradi anajua mapema ataulizwa nini: kazi ikiongezwa katikati utafanyaje, ratiba ikichelewa utafanyaje, mdau akikasirika utafanyaje. Kwa hiyo wengi huja na majibu ya kukariri. "Nitafuata taratibu za mabadiliko." "Nitawashirikisha wadau wote." Majibu hayo si ya uongo, ila hata mtu ambaye hajawahi kusimamia ujenzi wa choo angeweza kuyatoa, na jopo linamwekea alama mbili kati ya kumi na kumwita mwingine.

Nikikaa upande wa wanaouliza, napenda kutoa kisa kimoja tu na kumwacha msailiwa ahangaike nacho. Kisa chenyewe ni cha kutunga, lakini viwango vyake ni vya Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002: kila mwanakijiji apate lita 25 kwa siku, kituo kisiwe mbali naye zaidi ya mita 400, na bomba moja la kuchotea lihudumie watu 250.

Basi tuseme umepewa mradi wa maji wa kijiji. Kuna kisima kirefu, pampu ya sola, tangi, na vituo saba vyenye bomba moja moja, yaani watu 1,750. Mitaro imeshaanza kuchimbwa. Mwenyekiti wa kitongoji jirani, chenye watu 500, anakuja na wazee wawili na kusema: "Meneja, sisi tuko hapo ng'ambo ya korongo tu. Tuongezee vituo viwili, mabomba si yapo?" Diwani naye ameshampigia simu bosi wako akikubaliana nao. Utafanyaje?

Wengi hurukia fedha. Wanataja bei ya mabomba, vibarua wa kuchimba, fungu la dharura. Wachache huuliza swali ninalolisubiri: pampu inatoa maji kiasi gani? Hapo nafungua karatasi ya pili. Pampu inatoa lita 8,000 kwa saa, na jua la kutegemewa ni saa sita, kwa hiyo kwa siku tunapata lita 48,000. Watu 1,750 wanahitaji lita 43,750. Ziada ni lita 4,250, zinazotosha watu 170. Kitongoji cha pili kinahitaji lita 12,500.

Kumbe ombi la mabomba ni ombi la maji, na maji hayo hayapo. Ukikubali kwa moyo mzuri, watu wote 2,250 watagawana lita 48,000, kila mmoja lita 21 na ushei. Vituo vya mwisho wa laini vitakauka mchana, na wa kwanza kulalamika watakuwa wale wa kijiji ulichotumwa kukihudumia. Watakuja kusema mradi ni mbovu, wala hawatakumbuka nani aliongeza vituo.

Msailiwa mzuri akifika hapo hasemi "haiwezekani". Anaweka njia mezani. Ya kwanza, kurudia ripoti ya kupima kisima: kama kisima chenyewe kinaweza kutoa zaidi ya pampu iliyopangwa, inaweza kununuliwa pampu kubwa zaidi na paneli za kuitosha. Ya pili, kukiweka kitongoji hicho katika awamu inayofuata, lakini bomba kuu lilazwe sasa kwa kipenyo kitakachowatosha wote, maana kufukua mtaro mara ya pili ni gharama juu ya gharama. Ya tatu, kuacha mradi ulivyo. Kila njia inaandikwa na fedha zake, siku zake na athari zake kwa maji, kwenye karatasi moja, kisha inapelekwa kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Huyo si diwani, wala si meneja. Ni yule aliyetajwa kwenye mkataba. Mpaka sahihi yake ipatikane, fundi asichimbe hata mita moja ng'ambo ya korongo, na hilo aambiwe kwa maandishi, kwa sababu mafundi wana huruma na wenyeji wana chai.

Kisha naingiza ucheleweshaji. Pampu imekwama bandarini Dar es Salaam, itachelewa siku 14. Wengi hushtuka: wataandika barua, wataongeza vibarua, watafanya kazi Jumapili. Mimi nataka kwanza kujua kama ucheleweshaji huo unaugusa mwisho wa mradi. Kwenye ratiba niliyowapa, pampu ilitakiwa kufika siku ya 40 na kufungwa kwa siku tano. Tangi la zege linapangiwa kujazwa maji siku ya 70, baada ya zege kumwagiliwa na kuachwa siku 28 likomae. Pampu ikifika siku ya 54 itafungwa hadi siku ya 59, na bado italisubiri tangi siku 11. Siku 14 hizo hazigharimu tarehe ya mwisho hata siku moja. Lakini lori la kokoto likikwama na zege likamwagwa siku tatu baadaye, mradi mzima umesogea siku tatu, na hakuna idadi ya vibarua itakayolikomaza zege haraka zaidi. Meneja anayekimbizana na pampu huku kokoto hazijaletwa anatumia nguvu zake mahali pasipohitaji.

Hapo napenda kusikia pia neno kuhusu mkataba. Kwenye mikataba ya ujenzi inayofuata fomu za FIDIC za mwaka 1999, mkandarasi anayetaka kudai muda wa ziada ana siku 28 za kutoa taarifa tangu alipojua tatizo, au alipopaswa kulijua. Zikipita, haki yake ya kudai imekwenda. Kwa hiyo hata kuchelewa kusikogusa mwisho kunaandikwa siku hiyohiyo, kwa tarehe na sababu.

Inabaki hasira. Mwenyekiti wa kitongoji amejibiwa kwamba vituo havijaidhinishwa, naye anaahidi kusimama kwenye mkutano wa hadhara na kuutangaza mradi kuwa wa ubaguzi. Msailiwa mmoja atasema atamwelimisha. Jibu hilo lingenifanya hata mimi nikasirike. Mwingine atasema atamfuata nyumbani kabla ya mkutano: "Shikamoo mzee, nimekuja unisikilize na mimi nikusikilize." Akimsikiliza vizuri anaweza kugundua kwamba kilichomuuma si maji peke yake. Amesikia uamuzi kwa dereva wa lori, wakati watu wake wanamtegemea yeye kuleta habari. Kosa la namna hiyo linaombewa radhi bila maelezo marefu. Baadaye ndipo karatasi ya lita inatolewa, ile ile aliyoiona diwani, bila namba moja kupunguzwa, kwa kuwa wawili hao wataonana tu.

Swali langu la mwisho ni hili: baada ya mazungumzo hayo, utamwahidi nini? Wanaojibu kwamba watamhakikishia awamu ya pili nawapunguzia alama, kwa sababu hawana fedha za awamu hiyo wala sahihi ya kuiidhinisha. Ninayempa alama zote ni yule anayeahidi kilicho mikononi mwake: kwamba ombi litafika kwa mhusika Ijumaa likiwa na nakala kwa mwenyekiti, na kwamba jibu, liwe zuri au baya, atalileta yeye mwenyewe kabla mtu mwingine hajalisikia.