Namba Mbili, Kijiji Kimoja

Tuseme kata moja ina vijiji vinane na mtakwimu ana uwezo wa kwenda kimoja tu. Mafuta ya gari ni ya safari moja, wadadisi ni wawili, na anachotakiwa kujua ni idadi ya ng'ombe katika kata yote. Kijiji kikubwa kuliko vyote kina kaya 300, kidogo kuliko vyote kina kaya 35. Akiandika majina manane kwenye vikaratasi, akavikunja na kuvitikisa ndani ya kofia, kijiji cha kaya 35 kitapata nafasi sawasawa na cha kaya 300. Huenda safari nzima ikaishia kwenye kijiji ambacho wakazi wengi wa kata hiyo hawajawahi hata kukipitia.

Anachohitaji ni bahati nasibu inayopima ukubwa: kijiji chenye kaya mara mbili kiwe na nafasi mara mbili. Njia iliyozoeleka, waliyoieleza Wamarekani Morris Hansen na William Hurwitz mwaka 1943, ni ya kulimbikiza jumla. Kaya za kijiji cha kwanza zinaandikwa, za pili zinajumlishwa juu yake, za tatu juu ya hizo, mpaka mwisho wa orodha. Kisha inaokotwa namba moja nasibu kati ya 1 na jumla kuu, na kijiji ambacho namba hiyo imeangukia ndicho kinachokwenda kutembelewa.

Kwa vijiji vinane hiyo ni kazi ya dakika tano. India ya mwaka 1951 ilikuwa na vijiji zaidi ya 500,000, na utafiti mkubwa wa sampuli wa nchi nzima ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia chini ya uongozi wa P. C. Mahalanobis, mwanzilishi wa Taasisi ya Takwimu ya India mjini Calcutta. Kompyuta hazikuwepo mezani. Kulimbikiza jumla ya orodha ndefu kulimaanisha mtu kuketi na mashine ya kujumlishia au kalamu, mstari baada ya mstari, na kosa moja katika mstari wa 40 likaharibu kila mstari ulioufuata.

Mwaka huohuo wa 1951, D. B. Lahiri wa taasisi hiyo alichapisha njia isiyohitaji kujumlisha chochote. Inataka mambo mawili tu: idadi ya vijiji, na namba ambayo ukubwa wa kijiji chochote hauivuki. Namba hiyo ya pili tuiite kikomo.

Katika kata yetu, vijiji kwa mpangilio wa namba vina kaya 120, 45, 300, 80, 210, 60, 150 na 35. Kikomo ni 300. Mtakwimu anaokota namba mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kati ya 1 na 8, inataja kijiji. Ya pili, kati ya 1 na 300, inakipima. Kama namba ya pili haizidi kaya za kijiji kilichotajwa, kijiji kimepita na kazi imekwisha. Ikizidi, namba zote mbili zinatupwa na anaanza upya.

Anaokota 2 na 178. Kijiji namba 2 kina kaya 45, na 178 inazidi 45, kwa hiyo kinakataliwa. Anaokota 6 na 241. Kijiji namba 6 kina kaya 60, nacho kinakataliwa. Anaokota 4 na 53. Kijiji namba 4 kina kaya 80, na 53 haizidi 80. Gari litakwenda kijiji namba 4.

Anayeiona njia hii kwa mara ya kwanza huwa na wasiwasi nayo, kwa sababu inaonekana kama mchezo wa kubahatisha mara mbili. Karatasi ya mirabaraba huondoa wasiwasi huo. Zichorwe safu nane, moja kwa kila kijiji, kila safu ikiwa na vyumba 300. Kwa jumla ni vyumba 2,400. Sasa kila safu itiwe rangi kwa idadi ya kaya zake: vyumba 120 katika safu ya kwanza, 45 katika ya pili, na ya tatu ijae yote. Vyumba vyenye rangi ni 1,000, ambayo ndiyo jumla ya kaya zote.

Kuokota namba mbili ni sawa na kudondosha punje ya mchele juu ya karatasi hiyo, kila chumba kikiwa na nafasi sawa. Ikiangukia chumba cheupe, inaokotwa na kudondoshwa tena. Ikiangukia penye rangi, basi imeangukia kimojawapo cha vyumba 1,000 bila upendeleo. Kati ya vyumba hivyo, 300 ni vya kijiji namba 3, hivyo nafasi yake ni asilimia 30. Kijiji namba 8 kina vyumba 35, na nafasi yake ni asilimia 3.5. Hakuna aliyejumlisha kitu, na bado uwiano umetoka kamili. Karatasi hiyohiyo inaonyesha pia gharama ya njia: kwa kuwa vyumba vyenye rangi ni 1,000 kati ya 2,400, kwa wastani itabidi kudondosha punje mara 2.4 kabla ya kupata kijiji.

Kosa linaloivunja njia hii ni dogo mno machoni. Mtu anaokota 2 na 178, kijiji namba 2 kinakataliwa, naye anajisemea kwamba kijiji tayari kimeshatajwa, kwa hiyo anaokota upya ile namba ya pili tu. Inatoka 211, kisha 97, kisha 30. Kijiji namba 2 kinapita. Kwa mtindo huo, kila kijiji kitakachotajwa kwanza kitapita mwishoni, kiwe kikubwa au kidogo, tofauti ikiwa ni muda wa kusubiri. Vyote vinane vinakuwa na nafasi ya asilimia 12.5 kila kimoja. Mtakwimu amerudi kwenye kofia yake ya vikaratasi, ila sasa anaamini kwamba amepima ukubwa.

Imani hiyo ndiyo inayoleta hasara. Tuseme vijiji vinne vidogo, namba 2, 4, 6 na 8, ni vya wafugaji wenye ng'ombe wanne kwa kila kaya, na vinne vikubwa vina ng'ombe mmoja kwa kaya. Vidogo vina kaya 220, yaani ng'ombe 880. Vikubwa vina kaya 780 na ng'ombe 780. Ukweli wa kata ni ng'ombe 1,660.

Akishahesabu ng'ombe wa kijiji kimoja, mtakwimu hugawa idadi hiyo kwa nafasi ambayo kijiji kilikuwa nayo ya kuchaguliwa. Kijiji namba 4 kina ng'ombe 320 na nafasi ya 0.08, hivyo makadirio ya kata ni 4,000. Kijiji namba 3 kina ng'ombe 300 na nafasi ya 0.3, nayo inaleta 1,000. Jibu la safari moja linaweza kuwa mbali na ukweli, na ndiyo maana kwa kawaida huchaguliwa vijiji kadhaa. Lakini njia ikifuatwa sawasawa, 4,000 itatokea mara 22 katika kila 100 na 1,000 itatokea mara 78, kwa hiyo wastani wake ni 1,660 barabara. Kwa njia iliyovunjika, kila jibu linatokea nusu kwa nusu, na wastani unakuwa 2,500. Wanazuliwa ng'ombe 840 wasiokuwepo, na kuongeza idadi ya safari hakuwaondoi.

Kosa hilo hugundulika kwenye daftari, si kwenye majibu. Daftari zuri lina mistari ya waliokataliwa: katika kata yetu, karibu 14 kati ya kila 24. Msimamizi akikuta kila kijiji kilichotajwa kimepita, au mistari iliyofuatana inayorudia kijiji kilekile na namba ya pili tofauti, uteuzi huo urudiwe wote. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia kompyuta. Kwenye jedwali la kompyuta mtu anaweza kuandika

```
=RANDBETWEEN(1,8)
=RANDBETWEEN(1,300)
```

lakini namba hizo hubadilika kila jedwali linapofanyiwa hesabu upya, hata kwa kuandika neno kwenye chumba kingine. Jozi iliyotoka isipohifadhiwa papo hapo, ushahidi umepotea, na mlango uko wazi kwa anayependa kubonyeza mpaka kitoke kijiji kilicho karibu na barabara.

Kikomo nacho kina tabia zake. Kikiwekwa juu sana, hakuna kinachoharibika ila muda: kikomo cha 1,000 kingehitaji majaribio manane kwa wastani badala ya 2.4. Kikiwekwa chini, madhara ni ya kweli. Kwa kikomo cha 200, kijiji cha kaya 300 na kile cha 210 vyote vinapita kila vinapotajwa, na nafasi zao zinalingana, kama asilimia 22.5 kila kimoja, ilhali vilistahili 30 na 21.

Tatizo jingine ni mji kuwa katikati ya vijiji. Tuseme kijiji namba 3 kimekua kikawa mji wa kaya 12,000. Kikomo lazima kipande naye, karatasi inajaa weupe, na majaribio yanafika saba na nusu kwa wastani. Dawa ni kuukata mji kabla ya kuanza. Ukigawanywa katika mitaa 40 ya kaya 300, orodha inakuwa na majina 47, kikomo kinarudi 300, na kila jozi ya namba ina uwezekano wa zaidi ya asilimia 90 wa kupita. Kinachoteuliwa sasa ni mtaa mmoja, nao ni rahisi zaidi kuuzungukia kuliko mji mzima.

Leo kompyuta hulimbikiza jumla ya orodha ndefu kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo shida iliyokuwa Calcutta mwaka 1951 imekwisha. Njia ya Lahiri imebaki na faida nyingine: inauliza ukubwa wa kijiji kilichotajwa tu. Mahali ambapo kaya zimeandikwa kwenye daftari la kila kijiji na hazijakusanywa popote, mtakwimu anaweza kupiga simu tatu badala ya themanini. Kama anatafuta wastani wa ng'ombe kwa kaya, na si idadi yao yote, hata jumla kuu haihitaji, kwa sababu wastani wa kila kijiji kilichochaguliwa kwa njia hii unaingia kwenye hesabu kama ulivyo.

Sharti ni kwamba kikomo kiwe cha kuaminika. Amekwisha kuteua vijiji vitano kwa kikomo cha 300, anapiga simu kwa wa sita, na mwenyekiti anasoma daftari lake: kaya 340. Hapo hakuna kurekebisha kijiji hicho peke yake. Vitano vya kwanza navyo vinafutwa, kikomo kinapandishwa, na namba zinaanza kuokotwa upya kutoka ya kwanza.