Pepsi juu, Coca-Cola chini: kuisoma chati ya uwiano wa hisa mbili

Mtu anayenunua hisa za Coca-Cola peke yake amebeba mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Riba ikipanda Marekani, bei ya sukari ikiruka, au soko zima likishikwa na hofu, hisa yake itayumba hata kama soda inauzwa vizuri kuliko mwaka jana. Mambo hayohayo yanamgusa mwenye hisa za PepsiCo, na kwa kiasi kinachokaribiana. Ndipo wafanyabiashara wa hisa walipojiuliza: je, mtu akiacha kubahatisha soko linakwenda wapi, akaangalia tu ni ipi kati ya hizi mbili imeipita mwenzake kupita kawaida? Miaka ya 1980 benki ya Morgan Stanley ya New York ilikuwa na kikosi cha wataalamu wa hesabu, fizikia na kompyuta, chini ya Nunzio Tartaglia, kilichoigeuza fikra hiyo kuwa kazi ya kila siku. Kazi yenyewe huitwa biashara ya jozi.

Chombo chake kikuu ni chati moja. Badala ya kuchora bei ya kila hisa, unagawanya bei ya moja kwa bei ya nyingine na kuchora jibu siku baada ya siku. Katika programu nyingi za chati unaandika tu `PEP/KO`, yaani alama ya PepsiCo ikigawanywa kwa alama ya Coca-Cola, na mstari wa uwiano unajitokeza. Hisa zote mbili zikipanda kwa asilimia 5, mstari hausogei. Unapanda pale tu Pepsi inapofanya vizuri kuliko mwenzake, na unashuka pale Coca-Cola inapotangulia.

Kwa macho tu ni rahisi kujidanganya, kwa sababu kila mlima kwenye chati huonekana mrefu ukiuvuta karibu. Kwa hiyo unahitaji kipimo. Chukua uwiano wa siku 60 zilizopita za soko, utafute wastani wake, kisha mkengeuko sanifu, ambao ni kiasi ambacho uwiano umezoea kuachana na wastani huo. Ukiwa umepanga uwiano kwenye safu ya D ya jedwali la kompyuta, hesabu yote ni mistari mitatu:

```
=AVERAGE(D2:D61)
=STDEV(D2:D61)
=(D61-AVERAGE(D2:D61))/STDEV(D2:D61)
```

Jibu la mstari wa tatu ndilo linaloangaliwa. Likiwa karibu na sifuri, hisa mbili zinakwenda pamoja kama kawaida. Likivuka 2 au likishuka chini ya kutoa 2, pengo limetanuka. Wengi huingia hapo, hutoka jibu linaporudi karibu na sifuri, na huweka mpaka wa kukubali hasara, tuseme kwenye 3 au 3.5.

Tuufuate mfano mmoja mpaka mwisho, kwa bei nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Wastani wa uwiano ni 2.5 na mkengeuko ni 0.07. Leo Pepsi iko dola 160 na Coca-Cola dola 60, kwa hiyo uwiano ni 2.67 na kipimo chetu kinasoma karibu 2.4. Pepsi imekwenda mbali. Mfanyabiashara anaazima hisa 60 za Pepsi kwa dalali wake na kuziuza, anapata dola 9,600. Wakati huohuo ananunua hisa 160 za Coca-Cola, nazo kwa dola 9,600. Angalia kwamba kilicholingana ni fedha. Idadi ya hisa hailingani, na anayeweka hisa 100 kila upande hajafanya jozi. Ameegemea zaidi hisa yenye bei kubwa.

Sasa tuseme soko lote linaanguka. Pepsi inashuka hadi 140, Coca-Cola hadi 56. Uwiano umerudi 2.5. Hisa 60 za Pepsi zinanunuliwa tena kwa bei ya chini na kurudishwa kwa mwenyewe, faida dola 1,200. Coca-Cola imekula hasara ya dola 640. Zinabaki dola 560, katika kipindi ambacho kila mwenye hisa za vinywaji analia. Soko lingepanda badala yake, Pepsi ikafika 170 na Coca-Cola 68, uwiano ungekuwa uleule wa 2.5. Upande wa Pepsi ungepoteza dola 600, upande wa Coca-Cola ungepata 1,280, na faida ingekuwa 680. Kutoka humo ondoa gharama: ada ya dalali mara nne, malipo ya kuazima, na gawio. Kampuni zote mbili hulipa gawio kila robo mwaka, na aliyeuza hisa ya kuazima ndiye anayemlipa mwenye hisa gawio hilo kutoka mfukoni mwake.

Upande wa hasara nao uhesabiwe. Pepsi ikipanda hadi 176 na Coca-Cola ikafika 62 tu, uwiano utakuwa 2.84. Mfanyabiashara amepoteza dola 960 upande mmoja na kupata 320 upande wa pili, hasara 640. Kipimo chake, kwa wastani uleule, kinasoma karibu 4.8. Hapo chati inamwambia nafasi ni nzuri kuliko jana, na mkoba wake unamwambia kinyume. Hilo ndilo jambo gumu kabisa katika kazi hii: kadiri unavyokosea, ndivyo kipimo kinavyokushawishi uongeze.

Naamini swali la kwanza la mtu makini lisiwe pengo limetanuka kiasi gani. Liwe: ni nini kitakacholirudisha? Chati hupima umbali tu, sababu haiijui. Coca-Cola na PepsiCo hazifungwi na mkataba wowote wa bei. Kinachozirudisha karibu ni kufanana kwa biashara zao, na kufanana huko kuna mipaka. Pepsi iliungana na kampuni ya vitafunio ya Frito-Lay mwaka 1965, na mwaka 2001 ikainunua Quaker Oats pamoja na kinywaji chake cha Gatorade. Anayenunua hisa ya Pepsi ananunua pia viazi vya kukaanga na uji wa shayiri. Coca-Cola ilibaki kwenye vinywaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Coca-Cola ilikuwa na thamani kubwa zaidi kwa mbali katika soko la hisa, lakini Desemba 2005 PepsiCo ikaipita kwa mara ya kwanza katika historia yao. Katika miaka hiyo, kila aliyesema Pepsi imepanda mno na lazima irudi kwenye wastani wa zamani alikuwa akipigana na wastani uliokuwa unahama.

Kuhama huko kunaweza kutambuliwa, ingawa hakuji na kengele. Kwanza tazama ni hisa ipi iliyosogea. Kama Pepsi imeruka siku ya kutangaza matokeo ya robo mwaka, au siku ya kununua kampuni nyingine, pengo hilo lina habari ndani yake na huenda ndiyo bei mpya ya haki. Kama Coca-Cola imeshuka taratibu bila habari, kwa sababu mfuko mkubwa unauza, nafasi ya kurudi ni kubwa zaidi. Kisha panua chati. Uwiano unaoonekana kukengeuka kwenye siku 60 unaweza kuwa katikati kabisa ya miaka mitano. Na hesabu siku: ikiwa mapengo ya nyuma yalizoea kufunga ndani ya wiki nne, na hili lina wiki kumi bila dalili, toka hata kama hujafika mpaka wa hasara. Utafiti maarufu wa Gatev, Goetzmann na Rouwenhorst, uliopima hisa za Marekani kutoka mwaka 1962 hadi 2002, ulichagua jozi kwa mwenendo wa miezi 12 na kuzifanyia biashara kwa miezi 6 tu, kisha ukachagua upya. Waliona faida, na pia wakaona faida hiyo ikipungua kadiri miaka ilivyosonga.

Mtu anaweza kusema basi atafute jozi iliyofungwa kwa mkataba. Jozi kama hiyo iliwahi kuwapo. Mwaka 1907 Royal Dutch ya Uholanzi na Shell Transport ya Uingereza ziliunganisha biashara zao za mafuta, lakini zikabaki na hisa mbili tofauti sokoni. Mapato yaligawanywa asilimia 60 kwa Royal Dutch na 40 kwa Shell. Kwa hiyo thamani ya Royal Dutch ilipaswa kuwa mara 1.5 ya Shell, bila kubahatisha na bila wastani wa siku 60. Hata hivyo soko halikuutii mgawanyo huo. Kwa miaka mingi uwiano ulikuwa juu au chini yake, wakati mwingine kwa asilimia kumi na zaidi.

Majira ya joto ya 1997 Royal Dutch ilikuwa ghali kwa asilimia 8 hadi 10 kuliko haki yake, uwiano wa karibu 1.62 hadi 1.65. Mfuko wa Long-Term Capital Management, uliokuwa na Robert Merton na Myron Scholes miongoni mwa wabia wake, ukanunua Shell na kuuza Royal Dutch, jumla ya dola bilioni 2.3, nusu kila upande. Hoja yao ilikuwa sahihi. Lakini Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, mfuko ukapata hasara kubwa katika biashara nyingine ilizozifanya kwa fedha za mikopo, na ukalazimika kuuza ilivyo navyo. Ulipolifunga dau la Shell, Royal Dutch ilikuwa ghali kwa asilimia 22, uwiano 1.83. Kwa hesabu rahisi, tukiiacha Shell pale ilipokuwa, hiyo ni hasara ya kati ya dola milioni 125 na 150. Mwaka 2005 kampuni hizo mbili zikawa moja na pengo likafungwa moja kwa moja, miaka saba baada ya mfuko kulazimika kutoka.

Kwa mwekezaji wa Dar es Salaam au Nairobi, jozi zinazokuja akilini ni benki: CRDB na NMB, au KCB na Equity. Kuazima hisa ili kuuza si jambo la kawaida kwa mtu mdogo katika masoko haya, kwa hiyo nusu ya biashara inakosekana. Anachoweza kufanya mwenye hisa za benki zote mbili ni kupunguza iliyokimbia na kuongeza iliyobaki nyuma, huku akijua kwamba soko likianguka ataanguka nalo. Kabla ya hapo aangalie idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Hisa isiyouzwa kwa siku kadhaa hubaki na bei ya zamani kwenye orodha, mwenzake anasogea, na chati inaonyesha pengo ambalo hakuna mnunuzi wala muuzaji atakayekubali kulifanyia biashara kwa bei hizo.